Jina la mteja, seva ya jukwaa

Muuza leso wa Mombasa anayefungua duka la mtandaoni kwa kukodi jukwaa la maduka hupewa kwanza anwani ya bure iliyobeba jina la jukwaa lenyewe, kama `leso.jukwaa.example`. Duka linafunguka, wateja wananunua, malipo yanaingia. Lakini siku anapopeleka mifuko ya kufungia mzigo kwa mchapaji, hataki jina la jukwaa liandikwe juu yake. Anataka `www.leso.example`, jina alilolilipia mwenyewe kwa msajili wa vikoa, ambalo atabaki nalo hata akihama jukwaa kesho. (Majina yanayoishia na `.example` yametengwa kwa ajili ya mifano na hayauzwi, ndiyo maana nimeyatumia humu.)

Kwa mwenye duka, hilo ni ombi dogo tu. Kwa anayeendesha jukwaa, linazua maswali matatu. La kwanza, watu wanaoandika jina hilo watafikishwaje kwenye seva za jukwaa? La pili, kivinjari kitakubalije kufungua ukurasa bila kutoa onyo, ilhali jina ni la mtu mmoja na seva ni ya mwingine? Haya mawili yana majibu mazuri siku hizi, tena ya bure. La tatu ndilo linalosahaulika: kati ya akaunti zote zilizomo kwenye jukwaa, ni ipi yenye haki ya kulitumia jina hilo?

Mstari mmoja kwa msajili

Jibu la swali la kwanza ni rekodi ya DNS iitwayo CNAME. Rekodi ya kawaida, aina ya A, husema jina fulani liko kwenye anwani fulani ya IP. CNAME haitaji anwani yoyote. Inasema tu kwamba jina hili ni jina jingine la lile, kwa hiyo anayetafuta anwani akaulize kule. Mwenye leso anaingia kwenye ukurasa wa msajili wake na kujaza mstari huu:

```
Type: CNAME
Host: www
Value: k7m2q9.maduka.jukwaa.example
```

Faida ya kutumia jina badala ya anwani inajitokeza siku jukwaa linapohamisha seva. Anwani za IP zinabadilika, jukwaa linarekebisha rekodi zake lenyewe, na mamia ya wateja hawahitaji kugusa kitu. Kama wangekuwa wameandika anwani, kila mmoja angepaswa kupigiwa simu, na wengine simu zao zisingepatikana.

Makosa ya hatua hii ni yale yale kila mara. Mteja anaandika jina zima, `www.leso.example`, kwenye kisanduku cha Host, na msajili anaongeza kikoa nyuma yake, matokeo yake ni rekodi ya `www.leso.example.leso.example` ambayo hakuna atakayeitafuta kamwe. Mhudumu wa wateja aliyezoea husema mapema: "Dada, hapo kwenye Host andika www peke yake, hayo mengine yanajiongeza." Kosa jingine ni kubakiza rekodi ya zamani ya A kwenye jina lile lile. CNAME haikai na rekodi nyingine ya kawaida chini ya jina moja, hivyo ya zamani lazima ifutwe kwanza.

Kanuni hiyo ndiyo inayomnyima mteja kitu anachokitaka sana, yaani kutumia `leso.example` tupu, bila www. Pale kwenye mzizi wa kikoa lazima kuwepo rekodi za SOA na NS, ambazo ndizo zinazoutambulisha mtandao ni seva zipi zinakisimamia kikoa hicho. Mara nyingi zipo pia rekodi za MX zinazopokea barua pepe. Ukiweka CNAME juu yake, unakuwa umesema kwamba kila kinachoulizwa kuhusu jina hilo kitafutwe kwingine, na barua ndizo huumia kwanza. Baadhi ya watoa huduma za DNS wana rekodi inayoitwa ALIAS, au wanaitafuta wenyewe anwani ya mwisho na kuijibu kama rekodi ya A. Asiye na huduma hiyo huweka A kwenye mzizi, ikielekea anwani ya IP ambayo jukwaa limeahidi kutoibadilisha, na jukwaa linampeleka mgeni kwenye www. Ushauri wangu kwa mwenye duka ni kulifanya jina lenye www kuwa ndilo rasmi na lile tupu liwe njia ya kufikia huko.

Mteja akishahifadhi rekodi, jukwaa linapaswa kuikagua lenyewe kabla ya kufanya lolote:

```
dig +short CNAME www.leso.example
```

Jibu likiwa ni lile lengo alilopewa, kazi ya mteja imekwisha. Likiwa tupu, huenda amekosea, au huenda ni suala la muda. Hapa kuna jambo linalowakera wengi bila kujua chanzo chake. Mtu akilifungua jina kabla rekodi haijawekwa, seva ya DNS ya mtoa huduma wake wa intaneti hupata jibu kwamba hakuna kitu kama hicho, na hulikumbuka jibu hilo kwa muda uliopangwa kwenye rekodi ya SOA ya kikoa, pengine saa nzima au zaidi. Rekodi inakuwa imeshawekwa, dada wa jirani analiona duka kwenye simu yake, lakini mwenyewe bado haoni kitu kwa sababu ndiye aliyewahi kulijaribu. Ndiyo maana jukwaa makini huuliza moja kwa moja seva zinazokisimamia kikoa, wala halitegemei kumbukumbu za njiani.

Sekunde chache kabla ya ukurasa kufunguka

Zamani, cheti cha kuwezesha https kilinunuliwa, kikathibitishwa kwa barua pepe na kuwekwa kwenye seva kwa mkono. Kwa jukwaa lenye wateja elfu, hiyo ilikuwa ajira ya mtu mzima. Mwishoni mwa mwaka 2015, Let's Encrypt ilifungua milango kwa umma ikitoa vyeti bila malipo, kwa mashine kuzungumza na mashine. Lugha ya mazungumzo hayo, ACME, ilichapishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2019. Kutoka hapo likazaliwa wazo la kutotayarisha vyeti mapema: cheti kiombwe pale pale mgeni wa kwanza anapobisha hodi.

Seva ya wavuti iitwayo Caddy ndiyo iliyoizoesha watu njia hii, na mipangilio yake ni mifupi kiasi cha kuweza kuonyeshwa yote:

```
{
    on_demand_tls {
        ask http://localhost:5555/ruhusa
    }
}
https:// {
    tls {
        on_demand
    }
    reverse_proxy localhost:8080
}
```

Mtu anaandika `www.leso.example` kwenye simu yake. Kivinjari kinafuata CNAME, kinapata anwani ya seva ya jukwaa, kinafungua mazungumzo. Katika ujumbe wake wa kwanza kabisa kinataja jina kinalolitafuta, kwa sababu seva moja inaweza kubeba majina maelfu na lazima ijue itoe cheti kipi. Seva inapekua ghala lake na kukuta hakuna cheti cha jina hilo. Basi inauliza programu ya jukwaa, kupitia ule mstari wa `ask`, kama jina hilo linaruhusiwa. Likiruhusiwa, inaomba cheti Let's Encrypt.

Let's Encrypt haimjui mwenye leso wala jukwaa. Inachotaka ni ushahidi kwamba anayeomba ndiye anayelimiliki jina hilo kwa vitendo. Kwa hiyo inampa mwombaji neno la siri na kumtaka aliweke mahali panapojulikana:

```
http://www.leso.example/.well-known/acme-challenge/...
```

Kisha inakwenda kulitafuta yenyewe, kupitia poti ya 80, kutoka sehemu kadhaa za dunia kwa wakati mmoja ili mtu aliyeteka njia ya mtandao katika eneo moja asiweze kuidanganya. Nayo inafuata ile ile CNAME, inafika kwenye seva ile ile, inalikuta neno. Cheti kinatolewa, kivinjari kinapewa, ukurasa unafunguka. Yote hayo kwa kawaida huchukua sekunde chache, na mgeni wa pili hasubiri kabisa kwa kuwa cheti kimeshawekwa ghalani.

Ule mstari mmoja alioujaza mwenye leso umefanya kazi mbili: umewaleta wageni, na umewaleta wakaguzi wa cheti. Hakutakiwa kupakia faili, kunakili ufunguo wala kukumbuka tarehe ya kuisha. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt kimekuwa kikidumu siku 90, na Caddy hukihuisha wakati theluthi moja ya muda ingali imebaki. Muda huo unazidi kufupishwa: kwa uamuzi wa mwaka 2025 wa watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, kuanzia Machi 2029 hakuna cheti cha umma kitakachoruhusiwa kuzidi siku 47. Anayehuisha kwa mkono atachoka kabla ya kufika huko.

Naona ni vyema mgeni yule wa kwanza asiwe mnunuzi. Mara ukaguzi wa CNAME unapofaulu, jukwaa lenyewe lilifungue jina hilo mara moja, cheti kipatikane, ndipo mteja aambiwe duka liko tayari. Afahamu pia kwamba kila cheti cha umma huandikwa kwenye daftari zilizo wazi kwa dunia nzima, na roboti za mtandaoni huzisoma muda wote. Kwa hiyo duka linaloandaliwa kimya kimya litaanza kutembelewa na wageni wasiojulikana muda mfupi baada ya cheti kutoka. Akitaka faragha hadi siku ya uzinduzi, aweke nywila mlangoni. Asitegemee kwamba jina halijulikani.

Kazi ya ule mstari wa `ask`

Tuseme mstari huo haupo. Mtu yeyote mwenye kikoa chake anaweza kukielekeza kwenye seva ya jukwaa, kwa sababu DNS haimwombi ruhusa anayeelekezewa. Anaweza hata kuweka rekodi ya nyota, inayokubali jina lolote lililo chini ya kikoa chake, kisha akabisha hodi kwa `a1`, `a2`, `a3` na kuendelea. Kila hodi inamfanya mwenye seva aombe cheti. Let's Encrypt huiruhusu akaunti moja maombi mapya 300 kwa saa tatu. Mchokozi akiyamaliza, mwenye leso aliyejaza rekodi yake vizuri asubuhi hiyo hapati cheti, na hakuna anayeelewa sababu mpaka kumbukumbu za seva zisomwe.

Kwa hiyo seva inapouliza `/ruhusa?domain=www.leso.example`, programu ya jukwaa inajibu 200 pale tu jina lilipo kwenye orodha ya majina yaliyokwisha kuthibitishwa. Jibu lolote jingine ni kukataa. Swali hilo linakuja wakati mgeni ameshika simu anasubiri, hivyo jibu litoke kwenye hifadhidata yenye faharasa nzuri, kwa milisekunde chache. Nimeona watu wakiandika programu inayokwenda kuuliza DNS hapo hapo. Hiyo ni njia ya uhakika ya kuifanya seva izubae siku mchokozi anapoleta majina elfu kumi yasiyojibu.

Kuna kikomo kingine kinachowanasa hata waungwana. Uthibitisho ukishindwa mara tano kwa jina moja katika saa moja, akaunti hiyo inasubirishwa kwa jina hilo. Mteja mwenye haraka anayebonyeza "jaribu tena" kila dakika anajifungia mlango mwenyewe. Kitufe hicho kiwe kinarudia ukaguzi wa DNS tu, na ombi la cheti lifuate baada ya ukaguzi kufaulu. Kikomo cha vyeti 50 kwa wiki kwa kila kikoa kilichosajiliwa, kwa upande mwingine, hakiwagusi wenye maduka: `co.ke` na `co.tz` zimo katika orodha ya viambishi vya umma, hivyo kila jina lililosajiliwa chini yake huhesabiwa peke yake na si kwa pamoja.

Mambo yanapokwama, Chrome yenyewe husaidia kujua yamekwamia wapi. `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN` maana yake jina halionekani, rudi kwa msajili. `ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID` maana yake jina linafika mahali, lakini seva iliyopo hapo inatoa cheti cha mtu mwingine. Mara nyingi ni seva ya zamani ya mteja. `ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR` kwenye mfumo huu mara nyingi huashiria kwamba seva ni sahihi ila imekosa cheti: ama `ask` imekataa, ama mtoa vyeti amekataa. Hapo sasa ndipo pa kusoma kumbukumbu za seva. Ukikuta imetajwa CAA, ujue mwenye kikoa au aliyemtengenezea aliwahi kuweka rekodi inayotaja mamlaka za vyeti anazozikubali, na Let's Encrypt haimo. Dawa ni kuongeza mstari mmoja:

```
leso.example.  CAA  0 issue "letsencrypt.org"
```

Na kama jina lenye tatizo ni lile tupu la mzizi, tazama rekodi ya AAAA. Mteja hubadilisha A akasahau AAAA ya seva yake ya zamani. Simu ya Mombasa isiyo na IPv6 inaliona duka jipya bila shida, lakini Let's Encrypt huanza na IPv6 inapoikuta, ikaishia kwenye seva ya zamani na kukosa neno lake la siri.

Nani amelidai jina?

Turudi kwenye lile swali la tatu. Cheti kinathibitisha kwamba jina linaelekea kwenye jukwaa. Hakisemi chochote kuhusu akaunti iliyomo ndani ya jukwaa. Sasa fikiria jukwaa linalowapa wateja wote lengo moja, tuseme `maduka.jukwaa.example`. Mwenye leso analipa mwaka mzima, kisha anafunga duka. Akaunti yake inafutwa, jina linaondolewa kwenye orodha. Lakini rekodi ya CNAME kwa msajili haikufutwa, maana aliyeijaza alikuwa kijana aliyemsaidia, na hakuna anayekumbuka nywila. Jina bado linaelekea kwenye jukwaa, na kule jukwaani halina mwenyewe.

Mtu mwingine anafungua akaunti ya majaribio na kuandika `www.leso.example` kama jina lake. Jukwaa linakagua CNAME, na linaiona iko sahihi. `ask` inajibu 200. Let's Encrypt inakagua na kuridhika. Katika muda mfupi tapeli ana duka kwenye jina ambalo wateja wa leso wanaliamini, lenye cheti halali kisicholeta onyo lolote, linalopokea malipo yao. Kila chombo kimefanya kazi yake kama kilivyoagizwa. Kilichokosekana ni kufunga uzi kati ya jina na akaunti.

Ziko njia mbili za kuufunga. Ya kwanza ni kumtaka mteja aweke pia rekodi ya TXT yenye msimbo wa akaunti yake. GitHub Pages na Azure hutumia njia za aina hiyo. Ni imara, ila inaongeza mstari wa pili kwa mtu ambaye mstari wa kwanza tayari umemtoa jasho. Ya pili ndiyo ninayoipendelea: kila jina lipewe lengo lake la pekee, kama ile `k7m2q9` niliyoandika juu. Jukwaa linatoa msimbo huo kwa bahati nasibu, linaufunga na akaunti moja, na halimpi mtu mwingine hata baada ya akaunti kufutwa. Tapeli atakayelidai jina lililoachwa atapewa lengo tofauti, labda `p3x8wd`, na ukaguzi utamkatalia kwa kuwa CNAME inayoonekana bado inataja `k7m2q9`. Mwenye kikoa hajaongezewa kazi yoyote. Jina tupu la mzizi haliwezi kulindwa hivi pale rekodi yake inapokuwa ya A, kwa sababu anwani ya IP ni ile ile kwa wote. Hilo lisikubaliwe peke yake: lifuate uthibitisho wa www ndani ya akaunti hiyo hiyo, au TXT.

Kuondoka nako kunahitaji utaratibu. Jina linatolewa kwenye orodha ya `ask` siku hiyo hiyo. Lakini Caddy haiulizi upya kwa cheti ambacho tayari imekipakia kwenye kumbukumbu yake na bado ni hai, kwa hiyo cheti pamoja na ufunguo wake wa siri vifutwe pia, la sivyo jukwaa linabaki na uwezo wa kujitambulisha kwa jina la mtu aliyekwisha kuondoka hadi muda wa cheti uishe. Kisha `dig` ile ile ya mwanzo iendeshwe kila wiki kwa majina yote yaliyoondoka, na ambaye CNAME yake bado inaelekea jukwaani aandikiwe, aelezwe ni mstari upi wa kufuta na kwenye ukurasa upi.

Anayetafuta jukwaa la kuweka duka lake anaweza kulipima kabla ya kulipa. Afungue akaunti ya majaribio, aandike kikoa chake, aangalie lengo la CNAME analopewa. Kisha afungue akaunti ya pili kwa barua pepe nyingine na kuandika kikoa kile kile. Malengo yakiwa tofauti, au akidaiwa TXT yenye msimbo tofauti kwa kila akaunti, walioijenga huduma hiyo wamelifikiria swali la tatu. Yakiwa yale yale na TXT haikuombwa, awaandikie na kuwauliza wanamtambuaje mwenye jina.